Chumvi Vijiko 6? Hivi Ndivyo Simu Huchanganya Maneno ya Posta, na Vile Utaikata Vipande Kabla ya Kutafsiri

Umewahi kuelekeza kamera ya simu kwa posta ya Kizungu ndiyo ikutafsirie, kisha ikakuletea maneno yanayokaa kama mtu anaota? Wengi hucheka, wanapiga skrinishoti na kuirusha kwa gurupu. Na ikiwa ni posta ya ofa ya nyama choma, cheka tu. Lakini kuna posta zingine zikitafsiriwa vibaya mtu analala hospitali.

Wacha tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Mvua imenyesha wiki mbili, mitaro imefurika, na kwa gurupu ya ploti mtu ametuma posta ya kipindupindu. Iko kwa Kiingereza. Shosho wa nyumba namba nne haelewi Kiingereza na anaishi na mjukuu anayeendesha tangu asubuhi. Wewe ndiye kijana wa ploti mwenye bando. Unaambiwa, "Hebu nisomee hii kitu, mwanangu."

Posta yenyewe ni ile unaijua. Nyuma kuna picha ya soko, watu kibao, vibanda vya mabati, magunia, miavuli ya rangi zote. Juu ya picha kuna maduara matatu yamepangwa kando kwa kando, na ndani ya kila duara kuna maneno meupe. Duara la kwanza ni maji safi, lita 1. La pili ni sukari, vijiko 6 vya chai. La tatu ni chumvi, nusu kijiko cha chai. Hiyo ndiyo njia ya kutengeneza maji ya kurudisha nguvu nyumbani, pale pakiti za ORS za duka la dawa hazipatikani kwa haraka. Vijiko vyote vinasawazishwa juu, hakuna kujaza mlima.

Jicho lako linaona maduara matatu bila kufikiria. Simu haioni hivyo.

Simu inasoma kama mtu anayekata msitu kwa mstari mmoja

Ukielekeza kamera, kuna kazi tatu zinafanyika ndani kwa sekunde moja. Kwanza simu inatafuta ni wapi kwenye picha pana maandishi. Pili inaamua ni neno gani linafuata lipi. Tatu ndiyo inatafsiri. Watu wakiona tafsiri mbovu wanalaumu hiyo kazi ya tatu, eti simu haijui Kiswahili. Kwa posta kama hii, mara nyingi mambo yaliharibika kitambo, kwa ile ya pili.

Ujanja wa simu wa kupanga maneno unategemea sana nafasi. Maneno yakiwa kwa kimo kimoja na yakiwa karibu karibu, inayaona ni mstari mmoja. Kwa ukurasa wa kitabu hiyo inafanya kazi fiti. Kwa posta yenye maduara matatu, neno la juu la kila duara liko kwa kimo kimoja na jirani yake, na pengo kati ya maduara si kubwa sana kushinda pengo la kati ya maneno. Basi simu inaruka kutoka duara moja hadi lingine kama hakuna mpaka. Kile inachotoa, kabla hata ya kutafsiri, kinaweza kukaa hivi:

```
Clean water Sugar Salt
1 litre 6 level CHIPS 1/2 level
teaspoons 50 teaspoon
```

Cheki hiyo "CHIPS 50". Haiko kwa posta. Iko kwa kibanda cha chipo kwenye picha ya soko, kibao kimetundikwa nyuma kati ya duara la pili na la tatu. Wewe unajua ni mapambo. Simu inajua ni herufi, na herufi kazi yake ni kusomwa. Saa hizi 50 imekaa katikati ya vijiko.

Sasa peleka hiyo kwa mtambo wa tafsiri. Inapata mstari usio na maana, na inafanya kile kila mtafsiri mvivu hufanya: inabadilisha neno kwa neno. "Level" inakuwa "kiwango". Kwa hivyo shosho anasomewa kitu kama "lita 1 kiwango cha 6 chipo kiwango cha nusu, vijiko 50 kijiko". Hiyo angalau ni upuzi wa wazi. Shosho atakuangalia na kukuuliza kama umekula.

Noma ni pale kosa likikaa vizuri. Tuseme neno "Sugar" limeandikwa kwa rangi nyeupe, na nyuma yake hapo hapo kuna gunia jeupe la unga. Mtu akikaza macho analiona, ju kuna kivuli kidogo pembeni mwa herufi. Lakini hiyo picha imepitia magurupu sita, na kila mara ikitumwa inabanwa, kile kivuli kimeisha. Kibao cha chipo nacho kimekuwa ukungu, simu haikioni tena. Inayotoka ni hii:

```
Clean water Salt
1 litre 6 level 1/2 level
teaspoons teaspoon
```

Isome polepole. Kichwa cha kwanza ni maji, kipimo cha kwanza ni lita 1. Kichwa cha pili ni chumvi, kipimo cha pili ni 6. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasema chumvi ni vijiko 6. Hakuna kitu cha kumshtua, imekaa kama maagizo ya kawaida kabisa.

Fanya hesabu. Kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kina gramu 6 hivi. Vijiko 6 ni gramu 36 ndani ya lita moja. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Yaani umemtengenezea mtoto aliyekaukiwa maji mwilini kikombe cha Bahari ya Hindi. Chumvi hiyo yote inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha, na mtoto ambaye alikuwa anahitaji maji anakauka zaidi. Na haya yote ni ju neno moja jeupe lilipotelea kwa gunia jeupe.

Kata kwanza, tafsiri baadaye

Dawa yake si apu mpya. Ni kuikata posta vipande wewe mwenyewe, ndiyo ile kazi ya pili isiachiwe simu.

Anza na picha yenyewe. Kama uliipata kwa gurupu, tafuta aliyeitoa mwanzo, umwambie akutumie kama "Document", si kama picha. WhatsApp ikituma picha inaibana. Ikituma kama faili inaiacha vile ilivyo. Ile njia ya "HD" inasaidia, lakini bado kuna kubanwa. Kama posta ilitoka kwa ukurasa wa mtandao, ichukue huko huko badala ya skrinishoti ya skrinishoti. Tofauti utaiona kwa pembe za herufi: ukivuta karibu na uone vumbi vumbi linazunguka kila herufi, hiyo ni picha iliyochoka, na simu itaanza kubahatisha.

Ukishapata picha safi, usiguse mkasi bado. Itazame na ujiulize ni nini kinaenda na nini. Kipande kimoja ni maneno ambayo mtu akiyasoma peke yake yana maana kamili. "Sugar" peke yake si kipande. "6 level teaspoons" peke yake pia si kipande, na ndiyo hatari zaidi, ju kipimo kisicho na mwenyewe kitajitafutia mwenyewe mwingine. Kichwa na kipimo chake wanakatwa pamoja. Kwa posta yetu kuna vipande vitano: kichwa kikuu, duara la maji, duara la sukari, duara la chumvi, na ile sentensi ya chini inayosema ukiona dalili mbaya peleka mtoto kliniki.

Andika namba kwa karatasi, hata nyuma ya risiti, moja hadi tano, na ukae nayo. Inaonekana ni kazi ya shule ya msingi, lakini bila hiyo hutajua kama kuna kipande kimepotea. Simu ilipopoteza "Sugar" haikukuambia. Simu huwa haisemi "hapa sikuona vizuri". Inaruka na kuendelea na maisha.

Sasa kata. Fungua picha kwa galari ya simu, ingia "Edit", kisha "Crop", ukate duara moja, ulihifadhi kama nakala, urudi kwa picha ya mwanzo, ukate lingine. Acha nafasi kidogo pembeni, kama upana wa herufi moja hivi. Ukikata ukigusa herufi, ile ya mwisho inasomwa vibaya au inamezwa. Ukiacha nafasi kubwa sana, unaingiza tena kibanda cha chipo. Kama kibao kimeingia ndani ya duara kabisa na huwezi kukikwepa, kipake rangi na ile kalamu ya kuchorea ya galari. Hakuna mtu atakuuliza.

Kwa kila kipande, toa rangi. Kwenye "Edit" kuna "Saturation", ishushe hadi chini picha iwe nyeusi na nyeupe, halafu pandisha "Contrast" kidogo kidogo. Miavuli ya soko ambayo ilikuwa inapiga kelele inakuwa kijivu tu, na maneno meupe yanasimama. Usipandishe hadi mwisho, ju vivuli vya magunia pia vitageuka mistari meusi na simu itaviona ni herufi. Ndiyo utaona kwa majibu yake vitu kama "|" au "~" au "ii" ambavyo hakuna aliyeandika. Ukiona hizo, jua ni picha ya nyuma inasomwa.

Kisha soma maandishi ya kipande hicho kwa simu, uyahesabu. Posta ina maneno manne kwa duara la sukari: jina, namba, na maneno mawili ya kipimo. Simu imeleta manne? Poa. Imeleta matatu? Usitafsiri. Na hapa niseme ukweli mmoja ambao wataalamu wa mitambo hawapendi: kipande chenye maneno manne, andika tu kwa mkono. Sekunde kumi zimeisha. Kukata na kusafisha kuna faida pale kipande kina aya nzima, ama pale una posta ishirini za kufanya kwa jioni moja.

Ukiwa na laptopu

Kama wewe ni msee wa laptopu na kazi ni nyingi, kuna programu inaitwa Tesseract. Ilianzia kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, na tangu 2005 ni ya wazi, unaitumia bure. Nayo ina ugonjwa ule ule wa kuruka maduara, tofauti ni kwamba yenyewe unaweza kuiamuru. Tuseme posta ina upana wa pikseli 1080, na duara la sukari linaanza pikseli 370 kutoka kushoto na 520 kutoka juu. Unalikata na ImageMagick, kisha unasoma:

```
magick posta.png -crop 340x300+370+520 +repage -colorspace Gray -negate -resize 200% kipande3.png
tesseract kipande3.png stdout -l eng --psm 6
```

Mstari wa kwanza unakata mstatili wa pikseli 340 kwa 300, unatoa rangi, unageuza nyeupe kuwa nyeusi, kisha unakuza mara mbili. Hiyo `-negate` ndiyo muhimu kwa posta za mtaa, ju Tesseract imezoea herufi nyeusi kwa karatasi nyeupe, na posta zetu nyingi ni nyeupe juu ya picha ya giza. Kukuza nako hakuongezi kitu ambacho hakikuwepo, lakini kunasaidia herufi ndogo: herufi kubwa ikiwa na kimo cha pikseli 30 hivi inasomeka fiti, na zile ndogo zikishuka chini ya 10 matumaini ni kidogo.

Ile `--psm 6` ndiyo inayoiambia kwamba mbele yake kuna bloku moja tu ya maandishi, isijifanye mjanja kutafuta safu. Ukiacha bila kusema chochote inatumia 3, ambayo inajipangia ukurasa mzima yenyewe. Kuna pia 11, inayookota maneno popote yalipo bila kujali mpangilio. Watu hukimbilia 11 kwa posta zenye fujo ju inaleta maneno mengi. Inaleta, kweli, lakini imekuletea gunia la maneno, na nani ni wa nani ni juu yako. Mimi huitumia kwa kazi moja: kucheki kama kuna neno ambalo macho yangu yaliliruka.

Unganisha mistari kabla ya kutafsiri

Sasa una kipande safi cha sukari. Kimekaa kwa mistari mitatu: jina, kisha "6 level", kisha "teaspoons". Ukikibandika hivyo kwa mtafsiri, kila mstari unaweza kuchukuliwa kama sentensi yake. Hapo ndipo "level" inabaki pekee yake na kugeuka "kiwango". Futa ile mistari, iwe sentensi moja: jina, nukta mbili, namba, na kipimo chote. Neno likiwa karibu na kijiko chake, mtafsiri ana nafasi ya kuelewa kwamba ni kijiko kilichosawazishwa.

Hata hivyo usikubali kila inacholeta. "Kijiko cha kiwango" si Kiswahili cha jikoni. Mwandikie shosho vile angemwambia jirani: sukari, vijiko 6 vya chai, usijaze mlima, sawazisha juu. Chumvi, nusu kijiko cha chai, nayo sawazisha. Na hiyo nusu iandike kwa herufi. Alama ya nusu ni kitu kidogo sana kwa picha, na ule mstari wa katikati ukipotea unabaki na 12. Kuna simu zingine zinaisoma kama asilimia. Neno "nusu" halina mchezo huo.

Kuna kitu kimoja mkasi hautakusaidia. Posta nyingi husema jambo bila neno. Tuseme pembeni mwa posta nyingine kuna picha ya mtungi, chini yake imeandikwa maji ya mto, na juu ya mtungi kuna alama kubwa nyekundu ya kukata. Ukikata maandishi pekee unapata "maji ya mto". Ukiyaweka kwa orodha na mengine, umemwambia mtu atumie maji ya mto. Kwa hivyo kwenye ile karatasi ya namba, kando ya kila kipande andika kimezungukwa na nini: alama ya kukata, mshale unaelekea wapi, rangi nyekundu au kijani. Halafu kwenye tafsiri, alama hiyo igeuze iwe neno: "usitumie maji ya mto". Mishale pia, ju ndiyo inaonyesha nini kinatangulia. Ikipotea, hatua ya tatu inaweza kuwa ya kwanza.

Kurudisha maneno kwa picha

Kama unataka kutengeneza posta ya Kiswahili, usirudie kosa la aliyekutangulia. Usifute Kizungu na kuweka Kiswahili juu ya magunia yale yale. Weka kisanduku cha rangi moja nyuma ya kila kipande, cheusi kilichofifia kidogo ama bluu nzito, hata kama Canva inakubembeleza na madoido. Kipimo kinachotumika kwa kurasa za mtandao ni kwamba mwanga wa maandishi na wa kile kilicho nyuma upishane angalau 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Juu ya picha ya soko kipimo hicho hakina jibu moja, ju herufi ya kwanza iko juu ya kivuli na ya tano iko juu ya mwavuli wa njano. Kisanduku ndicho kinaifanya kuwa namba moja.

Acha pia pengo la kutosha kati ya visanduku, pana kushinda nafasi ya maneno mara kadhaa, ndiyo mtu mwingine akielekeza simu yake, labda anatafsiri kwenda Kisomali ama Kiluo, isiruke kutoka sukari hadi chumvi. Na chini ya picha, kwa ujumbe, bandika maandishi yote kama maandishi ya kawaida. Yanaweza kunakiliwa, na mtu asiyeona akiwa na simu inayomsomea, atasomewa. Posta peke yake kwake ni kimya.

Kabla hujatuma, fanya jambo la mwisho. Tafuta mtu ambaye hajaona posta ya Kizungu, umpe ya kwako, kisha umuulize maswali mawili: maji kiasi gani, chumvi kiasi gani? Usimwonyeshe wapi pa kuangalia. Akisema lita moja na nusu kijiko, tuma. Akisita hata kidogo kwa chumvi, rudi kwa kipande namba nne. Na shosho wa namba nne mpigie simu umsomee mwenyewe, halafu umkumbushe kwamba duka la dawa likifunguliwa anunue zile pakiti za ORS, ju hizo zimepimwa tayari. Na kama mjukuu hawezi kunywa, anatapika kila kitu ama amelegea, hiyo si ya kungoja duka lifunguliwe. Ni kliniki saa hiyo hiyo.